Ripoti ya Kupunguza Maji Yasiyolipiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaoandaa ripoti ya maji yasiyolipiwa katika mamlaka ya maji ya mji, na wale wanaoletewa mezani waisome na kuipitisha. Majibu karibu yote yanafuata kanda moja ya mfano ili namba zishikane kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kanda hiyo tumeitunga kwa ajili ya kufundishia. Ina wateja 1,200, inapata maji saa zote, na inalishwa na bomba moja lenye dira kuu mlangoni. Njia ya kukokotoa ndiyo hiyo hiyo utakayoitumia kwenye kanda yako.

## Maji yasiyolipiwa ni yapi hasa?

Ni tofauti kati ya maji yaliyoingia kwenye mtandao na maji yaliyotolewa ankara. Katika kanda yetu, dira kuu inaonyesha mita za ujazo 900 zinaingia kwa siku. Ankara za wateja wote zikijumlishwa na kugawanywa kwa siku, zinafika 540. Zilizobaki, 360, ndizo ripoti inazozitafuta.

Hizo 360 zina makundi matatu makubwa na moja dogo. Yapo maji yaliyovuja ardhini, ambayo hayakumfikia mtu. Yapo yaliyomfikia mteja halali, ila dira yake au karatasi za ofisini hazikuyahesabu yote. Yapo yaliyochukuliwa na mtu asiye na dira, au aliyeizunguka dira yake. Kundi dogo ni la maji yaliyotumika kihalali bila ankara, kama ya kusafishia mabomba na ya zimamoto.

Kazi ya ripoti ni kugawa 360 katika makundi hayo, kwa sababu kila kundi lina tiba yake. Ukibadilisha dira 1,000 mahali ambapo tatizo ni bomba lililopasuka chini ya kalavati, utatumia fedha nyingi na mtandao utaendelea kuvuja vile vile.

## Kwa nini ripoti haianzi na asilimia? Bodi inataka asilimia.

Asilimia ya kanda yetu ni 40, na tunaiandika, lakini hatuitumii kupima kazi. Chukulia kiwanda kipya kinaunganishwa na kinanunua mita za ujazo 300 kwa siku. Maji yanayoingia yanakuwa 1,200, yanayopotea yanabaki 360 yale yale, na asilimia inashuka hadi 30. Hakuna aliyeziba hata tundu moja, ila kwenye karatasi mamlaka inaonekana imefanya kazi kubwa. Kinyume chake nacho hutokea: wateja wakipunguza matumizi msimu wa mvua, asilimia inapanda, na timu inalaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Kipimo kinachostahili kuwekwa kwenye ukurasa wa kwanza ni lita zinazovuja kwa kila mteja aliyeunganishwa kwa siku, na pembeni yake presha ya wastani iliyokuwepo wakati wa kupima. Katika kanda yetu, kama utakavyoona mbele, ni lita 192 kwa kila mteja kwa siku, kwenye presha ya mita 40, yaani inayoweza kupandisha maji kimo hicho. Namba hiyo haichezewi na kiwanda kipya wala na mvua.

## Tutajuaje kama dira kuu yenyewe inasema kweli?

Hili ndilo swali ambalo huulizwa mwisho ilhali lilipaswa kuwa la kwanza. Kosa la asilimia 5 kwenye dira kuu ya kanda yetu ni mita za ujazo 45 kwa siku. Kiasi hicho kinatosha kufanya wizi uonekane mkubwa kuliko ulivyo, au kuuficha sehemu kubwa yake kwenye hesabu.

Njia rahisi ya kuikagua ni kutumia tenki linaloilisha kanda. Funga maji yanayoingia kwenye tenki, hakikisha njia ya kutoka ni moja tu, ile inayopita kwenye dira, kisha pima kina cha maji mwanzo na mwisho. Tenki la mstatili lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10 lina uso wa mita za mraba 120. Maji yakishuka kwa sentimita 40, zimetoka mita za ujazo 48. Dira ikiwa imesogea 45.6 tu, inasoma pungufu kwa asilimia 5.

Kuna mambo mawili yanayoharibu jaribio hili. La kwanza ni valvu ya kuingilia ambayo gurudumu lake limefika mwisho lakini haifungi kikamilifu. Kabla ya kuanza, funga pia njia ya kutoka kwa nusu saa na uangalie kama kina kinabadilika: kikipanda, valvu ya kuingilia inapitisha, kikishuka, tenki lenyewe au valvu ya kutokea ndiyo inayopitisha. La pili ni kushusha maji kidogo mno. Ukishusha sentimita 5 tu, kosa la nusu sentimita kwenye kupima kina linakuwa kosa la asilimia 10 kwenye jibu, yaani baya kuliko dira unayoikagua.

## Mnajuaje kiasi gani kinavuja wakati hakionekani?

Tunaiuliza kanda usiku, watu wakiwa wamelala. Kati ya saa 8 na saa 10 za usiku matumizi huwa madogo kabisa, na maji mengi yanayopita kwenye dira kuu yanakuwa yanakwenda kwenye mivujo. Kinafungwa kifaa cha kurekodi kwenye dira kuu na kingine cha presha ndani ya kanda, vinaachwa wiki nzima, na tunachukua usiku wa kawaida. Usiku wa sherehe, au ule ambao umeme ulirudi na pampu za wateja zikawaka, tunauweka kando.

Kanda yetu ilionyesha mita za ujazo 16 kwa saa. Si zote zinavuja. Tunakadiria lita 2.5 kwa saa kwa kila mteja, za choo na tenki linalojaa, na kwa wateja 1,200 inakuwa mita za ujazo 3. Hospitali iliyomo kwenye kanda hailali, kwa hiyo dira yake ilisomwa usiku ule ule ikaonekana inatumia 1. Ukitoa 4 kwenye 16 unabaki na 12 kwa saa.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanachukua 12 wanazidisha kwa 24 na kuandika 288 kwa siku. Usiku presha huwa juu kwa sababu watumiaji ni wachache, na tundu lile lile hutoa maji mengi zaidi presha inapopanda. Katika kanda yetu presha ya usiku ilikuwa mita 50, ya wastani wa siku nzima mita 40. Kwa mtandao wenye mchanganyiko wa mabomba ya chuma na ya plastiki, inakubalika kukadiria kwamba uvujaji unapanda na kushuka sambamba na presha. Kwa hiyo saa 24 za siku zina uzito wa saa 19.2 tu za usiku (24 × 40 ÷ 50), na 12 × 19.2 inatoa mita za ujazo 230 kwa siku. Tofauti kati ya 288 na 230 ni 58, na hizo 58 zingeibiwa kutoka kwenye fungu la dira na wizi bila mtu kujua.

Tahadhari moja: anayejichukulia maji kinyemela na kumwagilia usiku anahesabiwa hapa kama mvujo. Kama kanda ina bustani za mboga, lizingatie hilo kabla ya kuchimba.

## Sisi tuna mgao. Usiku maji hayapo. Tufanyeje?

Kipimo cha usiku hakifai mahali penye mgao, kwa sababu maji yakifunguliwa kila tenki la nyumbani linajaa kwa pamoja na huwezi kutenganisha tenki na tundu. Njia iliyo salama ni kuchagua kanda ndogo na kuipa maji mfululizo kwa siku kadhaa hadi matenki yote yajae na watu waache kukinga, ndipo upime. Sehemu nyingine zitapunjwa siku hizo, kwa hiyo watangazieni mapema. Pasipowezekana, andikeni kwenye ripoti kwamba uvujaji na wizi vimebaki fungu moja. Hilo ni bora kuliko kuvigawa kwa kubuni.

## Mivujo inatafutwaje baada ya hapo?

Kwanza tunapunguza eneo, ndipo tunasikiliza. Kutembea na kipaza sauti mtandao mzima wa kanda ni kuchosha watu bure.

Kupunguza eneo hufanyika usiku kwa kufunga valvu moja baada ya nyingine. Mtu mmoja anakaa kwenye dira kuu akisoma kila baada ya dakika chache; wengine wanafunga valvu kuanzia kipande cha mbali kabisa na dira wakija kuelekea kwenye dira. Kila valvu ikifungwa mtiririko unashuka. Ukishuka kidogo, kulingana na idadi ya wateja wa kipande kile, hakuna neno. Ukishuka ghafla, kipande kilichofungwa punde hivi ndicho chenye tatizo. Katika kanda yetu mtiririko ulikuwa unashuka kwa nusu mita ya ujazo hivi kila hatua, kisha valvu ya tano ikaushusha kwa 7 kwa mpigo mmoja. Zaidi ya nusu ya uvujaji wote ulikuwa kwenye kipande kimoja cha mita mia chache.

Jaribio hili huanguka kwa sababu ya valvu. Zipo zilizofukiwa na lami, na zipo zinazofungwa lakini hupitisha. Kabla ya usiku wa kazi, mafundi wapite mchana kuzifukua, kuzijaribu na kuzisikiliza. Valvu iliyofungwa lakini inapitisha hutoa mluzi unaosikika ukiweka fimbo ya kusikilizia kwenye shina lake.

Ndani ya kipande kile, kazi inakuwa ya sikio. Fimbo inawekwa kwenye kila koki, valvu na dira ya mteja, na sehemu zenye mvumo zinaandikwa. Mvumo usiokoma hata dira ya mteja ikiwa imesimama unaashiria mvujo ulio karibu. Baada ya hapo kinatumika kifaa chenye vihisio viwili vinavyobandikwa kwenye bomba pande mbili za mvujo. Sauti inakimbia kutoka kwenye tundu kwenda pande zote mbili. Inafika mapema kwenye kihisio kilicho karibu. Kifaa kinapima tofauti ya muda na kukokotoa umbali kutoka kwenye kihisio cha karibu:

```
L = (D - v × t) / 2
```

D ni umbali kati ya vihisio, v ni mwendo wa sauti ndani ya bomba lile, t ni tofauti ya muda. Vihisio vikiwa mita 120, sauti ikikimbia mita 1,200 kwa sekunde kwenye bomba la chuma, na tofauti ikiwa sekunde 0.03, mvujo uko mita 42 kutoka kihisio cha karibu. Sasa chukulia mchoro unasema chuma, lakini bomba lilibadilishwa likawekwa la plastiki, ambako mwendo wa sauti ni kama mita 400 kwa sekunde. Jibu sahihi linakuwa mita 54. Umechimba mita 12 mbali na tundu, umevunja lami ya watu, na umerudi ofisini ukisema kifaa kibovu. Kifaa ni kizima. Kilichokosewa ni mchoro. Ndiyo maana kila bomba linalofukuliwa lazima liandikwe aina yake, kipenyo chake na kina chake siku hiyo hiyo, hata kama mvujo haukupatikana.

Plastiki ina ugumu mwingine: sauti hufa haraka. Kwenye chuma unaweza kuweka vihisio mbali na bado ukasikia, lakini kwenye plastiki inabidi uvisogeze karibu, na usiku wa kelele hupati kitu.

## Maji yametuama barabarani. Mnathibitishaje kwamba ni ya bomba?

Tunapima klorini. Ikionekana, ni maji yaliyotibiwa. Isipoonekana, usiandike kwamba si ya bomba, kwani klorini huisha maji yanapopita kwenye udongo na taka. Hapo pima tena kwa kufunga bomba kwa muda na kuangalia kama dimbwi linapungua.

## Kwa nini mhangaike na mivujo midogo wakati bomba kuu limepasuka na kila mtu analiona?

Bomba kuu lililopasuka linapigiwa simu na mji mzima. Likimwaga mita za ujazo 20 kwa saa na mafundi wakalifunga ndani ya siku moja, zimepotea 480. Tundu la milimita 6 kwenye bomba la mteja, penye presha ya mita 30, linamwaga kama mita 1.5 za ujazo kwa saa. Linaingia kwenye mtaro wa maji ya mvua, na hakuna anayeliona. Likikaa siku 200 limekula 7,200.

Kinachoamua ukubwa wa hasara ni muda, na muda una vipande vitatu: tangu tundu lipasuke hadi mtu ajue kuna shida, tangu ajue hadi apate mahali, tangu apate hadi litengenezwe. Ripoti nyingi zinaonyesha kipande cha tatu tu kwa sababu ndicho kinachopendeza. Andikeni vyote vitatu. Utakuta mafundi wanalaumiwa kwa ucheleweshaji wa saa chache, ilhali mvujo ulikaa miezi kwa sababu hakuna aliyekuwa anaangalia mtiririko wa usiku.

## Dira za wateja zinakoseaje? Si zinazunguka tu?

Dira ya nyumbani ya kawaida huhesabu vizuri maji yanapopita kwa kasi ya bomba lililofunguliwa. Udhaifu wake uko kwenye maji yanayopita taratibu. Kila dira ina kiwango cha chini ambacho mtengenezaji anakihakikishia; chini ya hapo inaweza kusoma pungufu sana au kusimama kabisa huku maji yanapita. Q3 ni mtiririko wa kudumu wa dira kwa mita za ujazo kwa saa, na R ni namba ya kuugawia ili kupata kiwango hicho cha chini. Dira iliyoandikwa Q3 2.5 na R80 kwenye uso wake, kiwango hicho ni 2,500 ÷ 80, yaani lita 31 kwa saa. Iliyoandikwa R160 inashuka hadi kama lita 16.

Sasa angalia nyumba yenye tenki. Maji yakikaribia kujaa, boya linapanda polepole na kuibana koki, na dakika za mwisho za kujaa ni uzi mwembamba wa maji. Boya lililochakaa haliifungi koki kabisa, na uzi ule hupita usiku kucha, tenki likimwagika kwenye bomba la ziada. Ukisimama kwenye dira utaona gurudumu dogo la pembetatu limetulia, lakini ukifungua kifuniko cha tenki unasikia maji yanachuruzika. Mteja haibi na dira haikuchezewa, lakini maji yamepita bila kuhesabiwa.

Ili kujua hasara, tunachukua sampuli ya dira kwa aina na umri, tunazipeleka kwenye meza ya majaribio na kuzipima kwa kasi ya chini, ya kati na ya juu. Usichukue zile zilizolalamikiwa tu, kwa sababu hizo haziwakilishi wenzake. Na usitafute wastani wa makosa matatu kwa kuyagawa kwa tatu. Kila kosa lina uzito kulingana na maji yanayopita kwa kasi ile. Katika kanda yetu asilimia 15 ya maji hupita taratibu, na hapo dira zinapoteza nusu, sawa na 7.5 katika kila 100. Asilimia 85 zilizobaki hupita kwa kasi nzuri na hupotea asilimia 1.8 tu, sawa na kama 1.5. Jumla ni 9 katika kila 100.

Ankara zetu zilisema 540. Kama hizo ni 91 katika kila 100, matumizi halisi ni 540 ÷ 0.91, yaani 593. Dira zimeficha mita za ujazo 53 kwa siku. Angalia kwamba hatukuchukua asilimia 9 ya 540, kwa sababu 540 tayari ni namba iliyopunguzwa.

Tiba nayo imeonekana hapo. Kubadilisha dira zote kwa mpigo hakuhitajiki. Nyumba zenye matenki ndizo zinazohitaji dira zenye R kubwa, na boya jipya linaweza kuokoa zaidi ya dira mpya. Wateja wakubwa waangaliwe wa kwanza: mara nyingi hoteli au shule imefungiwa dira kubwa kuliko matumizi yake, ikawa inatambaa kwenye kasi ya chini siku zote.

## Wateja wanasema dira inahesabu hewa. Ni kweli?

Ndiyo, mahali penye mgao. Bomba tupu likianza kujaa, hewa inasukumwa mbele na inazungusha dira. Mteja anayelalamikia hilo asikilizwe, na ripoti isijivunie mapato ya hewa. Valvu za kutolea hewa kwenye sehemu za juu za mtandao, na kufungua maji taratibu, hupunguza tatizo.

## Makosa ya ofisini yanahesabiwa wapi?

Yanahesabiwa pamoja na dira, ila tafuta orodha yake kabla ya kutoka ofisini, kwa kuwa ni ya bei ya karatasi. Chuja akaunti zilizokadiriwa miezi mitatu au zaidi mfululizo, zenye usomaji ule ule uliojirudia, zenye sifuri, na zile ambazo dira ilibadilishwa lakini usomaji wa mwisho wa dira ya zamani haukuingizwa. Msoma dira aliyezuiwa na geti lililofungwa akikadiria kwa nia njema mwezi baada ya mwezi, mteja anaweza kuwa amejenga nyumba ya wapangaji huku ankara yake ikibaki ile ile.

## Wizi wa maji mnaukadiriaje bila kuwasingizia watu?

Kwanza kwa kutoa. Kwenye 360 tunatoa uvujaji 230, zinabaki 130. Tunatoa 4 za kusafisha mabomba na zimamoto, zinabaki 126. Tunatoa 53 za dira, zinabaki 73. Hizo 73 ni wizi pamoja na makosa ya ofisini ambayo bado hayajapatikana.

Lakini masalio hubeba makosa ya hesabu zote zilizotangulia. Dira kuu ikiwa imekosea kwa asilimia 2 tu, 73 inaweza kuwa 55 au 91. Kwa sababu hiyo, ripoti ya kweli huandika masalio pamoja na upana wake, na haisemi kwamba mtaa fulani unaiba 73 kwa siku.

Uthibitisho hutoka uwandani. Pa kuanzia ni akaunti zilizokatwa. Timu inazipitia zote, moja baada ya nyingine, na kuangalia kama koki ya nyumba inatoa maji na yanatoka wapi. Hapo ndipo maunganisho mengi ya kurudishiwa kinyemela hupatikana, mara nyingine bomba likiwa limeunganishwa tena kwa kipande cha mpira na waya. Kisha zinafuata akaunti zilizoshuka ghafla na kubaki chini, hasa za biashara zinazotumia maji mengi kama uoshaji magari na utengenezaji wa matofali. Mwisho ni upitaji wa nyumba kwa nyumba ukilinganisha kila jengo na ramani ya wateja: jengo lenye watu na mabomba, lakini halina akaunti wala kisima, linaulizwa.

Bomba la kukwepa dira huwa limechepushwa kabla ya dira na kufukiwa. Dalili yake ni hii: funga koki ya dira, fungua bomba la jikoni, na maji yanaendelea kutoka muda mrefu bila kupungua nguvu. Hakikisha kwanza hayatoki kwenye tenki la juu. Kipo pia kisa cha dira iliyogeuzwa ikawa inarudi nyuma; mshale uliochongwa kwenye mwili wake unatazama barabarani badala ya nyumbani, na lakiri imekatwa.

Matumizi madogo peke yake si ushahidi. Mtu anaweza kuwa na kisima, anavuna maji ya mvua, au yuko safarini. Timu iende na mjumbe wa mtaa, ipige picha, mwenye nyumba apewe nafasi ya kujieleza, na majina yasisomwe kwenye mkutano kabla ya jambo kuthibitika. Na pale mkono wa fundi wa mamlaka unapoonekana kwenye kazi, kwa mfano kifaa cha kutolea tawi ni cha ghala letu, shauri lianzie ndani. Wananchi wanajua nani alilipwa, na wakiona anaachwa hawatatoa taarifa tena.

Kukata peke yake hakudumu. Mtu aliyekatwa bado anahitaji maji leo jioni. Kinachofanya kazi ni kipindi maalumu cha kujisalimisha chenye mwisho unaojulikana, malipo ya kuunganishwa kwa awamu, na baada ya hapo sheria ifuate mkondo wake kwa wote, wakubwa kwa wadogo.

## Fedha hazitoshi kwa yote matatu. Tuanze na lipi?

Usilinganishe mita za ujazo peke yake, kwa sababu thamani zake ni tofauti. Maji yaliyovuja yanapimwa kwa gharama ya kuyazalisha, yaani umeme na dawa. Maji ambayo dira imeyaficha au yaliyoibiwa yanapimwa kwa bei ya kuuzia, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi. Kwa hiyo 53 za dira zinaweza kuleta fedha nyingi kuliko idadi hiyo hiyo ya uvujaji.

Hesabu hugeuka mahali penye mgao. Hapo kila ndoo iliyookolewa kwenye mvujo ina mteja anayeingoja, kwa hiyo nayo inathaminiwa kwa bei ya kuuzia, na uvujaji unapanda kuwa wa kwanza. Andikeni wazi mmetumia thamani ipi.

## Tulitengeneza, mtiririko ukashuka, mwezi uliofuata ukapanda. Tulidanganywa?

Hapana. Katika kanda yetu, kwenye kipande kile ilipatikana mivujo miwili, mmoja kwenye kiungo chini ya kalavati na mwingine kwenye bomba la mteja. Ilipozibwa, mtiririko wa usiku ulishuka kutoka 16 hadi 10. Lakini tundu kubwa likizibwa, presha ya kipande kizima inapanda, na kiungo dhaifu kilichokuwa kimepumzika kinaanza kutoa. Ndiyo maana kipimo cha usiku hurudiwa wiki ile ile, wala hakingojwi hadi robo mwaka iishe.

Hatua inayofuata ni kupunguza presha ya usiku kwa valvu maalumu mlangoni mwa kanda. Uvujaji uliobaki ulikuwa 6 kwa saa kwenye presha ya mita 50. Ikishushwa hadi 35, unakuwa kama 4.2, bila kuchimba popote. Kabla ya kuishusha, pima presha kwenye nyumba iliyo juu kabisa ya kilima saa za asubuhi watu wanapooga. Ikiwa pale maji hayafiki, mmehamisha tatizo kwa mtu mwingine.

## Ripoti ihifadhi nini ili ya mwaka ujao iweze kulinganishwa nayo?

Ihifadhi usomaji wa dira kuu na tarehe ya ukaguzi wake, grafu ya usiku uliotumika pamoja na presha yake, makadirio ya matumizi halali ya usiku na yalikotoka, orodha ya valvu zilizofungwa, matokeo ya kila dira iliyopimwa, na idadi ya akaunti zilizokatwa zilizotembelewa na zilizokutwa na maji. Mpaka wa kanda nao uandikwe, na valvu za mpakani zikaguliwe kabla ya kila kipimo. Mtu akifungua moja kumsaidia jirani na kusahau kuifunga, kanda itaonekana imeanza kuvuja mno, au imepona ghafla, kulingana na upande ambao maji yamekimbilia.